Pumzi au Nguvu? Nimejaribu Dumu la Maji na Raba kwa Wiki Nane

Mbukwenyi! Karibuni tena, leo niko uani kwangu hapa Dodoma, saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla upepo haujaanza kupeperusha vumbi. Mbele yangu kuna vitu viwili: raba za kukimbilia, na dumu la lita 20. Raba sitaziongelea sana, mnazijua. Leo ni siku ya dumu.

Swali mliloniandikia wiki nzima ni hili: mtu anayeanza, ana nusu saa mara tatu kwa wiki, ashike mazoezi ya pumzi au ya nguvu? Nilipoanza kuandaa video hii nilikuwa upande wa kukimbia. Alphonce Simbu, mtu wa Singida hapo jirani, katwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo 2025, nani asitamani kukimbia? Lakini binamu yangu kanibadilisha mawazo.

Yeye anafanya kazi ofisini Mtumba, anatoka alfajiri, anarudi giza limeingia. Aliamua kukimbia siku tano mfululizo, kasi yote. Wiki ya pili akaanza kuumwa mfupa wa mbele wa mguu, chini ya goti. Pumzi ilikuwa imeongezeka kweli, ndiyo maana akaongeza kasi. Tatizo ni kwamba moyo na mapafu vinazoea haraka, ila mifupa na kano vinachelewa sana. Pumzi inakuruhusu, mguu bado.

Sasa tazameni hapa. Dumu nimelijaza nusu, lita 10. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo nina kilo 10 na kidogo ya plastiki. Nalikumbatia kifuani, kiti kipo nyuma yangu. Nashuka polepole, moja, mbili, tatu, makalio yaguse kiti, nisikae. Visigino chini, magoti yafuate vidole vya miguu. Nainuka.

Mmesikia? Kimya. Sasa nashuka kwa pupa... sikieni hiyo! Maji yamegonga ukuta wa dumu. Hicho ndicho ninachokipenda kupita kiasi. Ukishuka vibaya, ukiegemea upande mmoja, maji yanakuambia papo hapo. Chuma cha jimu hakisemi kitu, na bei yake mnaijua. Dumu hili nimelinunua elfu tatu, lilikuwa la mafuta ya kula. Kifuniko kilivuja siku ya kwanza, nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli nikaweka ndani, basi.

Fanya mara nane, pumzika dakika moja na nusu, seti tatu. Ukifika mara kumi na mbili kwenye seti zote tatu na maji yametulia, ongeza lita mbili, urudi mara nane. Halafu kuna kuliinua kutoka chini: sukuma makalio nyuma, mgongo unyooke, dumu likae karibu na miguu. Ukiona mgongo unajikunja kama upinde, punguza maji, usibishane nalo. Malizia na kupiga pushapu, mikono ukiiweka ukingoni mwa kitanda kama sakafuni ni ngumu.

Ratiba ya binamu sasa, baada ya mguu kupona: Jumanne dumu, Alhamisi kukimbia, Jumamosi dumu. Alhamisi anakimbia dakika moja, anatembea mbili, mara nane. Kasi yake anaipima kwa salamu: akikutana na mzee, aweze kusema "shikamoo, habari za nyumbani, watoto hawajambo" bila kukatika. Akikatika, anapunguza. Kama lengo lako ni mbio za kilomita 10 au 21, geuza: kukimbia mara mbili, dumu mara moja.

Kuhusu kupumzika, wengi wananiandikia "nimeumia" kumbe ni misuli tu. Maumivu ya misuli huja kesho yake, huzidi siku ya pili, yameenea paja zima, miguu yote miwili, na ukitembeatembea yanalegea. Ndiyo maana kati ya siku mbili za dumu nimeweka siku kadhaa. Ila ukibonyeza mfupa kwa kidole ukapata sehemu moja inayouma, na kila ukikimbia inazidi, acha kukimbia. Ikiendelea hata ukiwa umekaa, nenda hospitali. Binamu alipumzika kukimbia wiki tatu, akaendelea na dumu, maana kuchuchumaa hakukumuuma.

Kwa hiyo kwa mwenye nusu saa, mimi nasema dumu mara mbili. Video ijayo ni ya raba, nimepata jozi mbili za mtumba sokoni na nitazikata soli mbele yenu muone ndani. Jisajilini, na mniandikie dumu lako umeanza na lita ngapi.