Fundi aliyepima kwa Mega: panya wametafuna waya darini na hakubomoa jipsamu (uzoefu wangu)

Naandika hii kwa sababu najua wengi wanaambiwa "toa dari yote tuanze upya", na mi niliambiwa hivyohivyo na fundi wa kwanza. Nyumba iko Dar, dari ni jipsamu, waya zimepita juu yake bila paipu. Breka kubwa ya usalama, ile pana yenye kibonyezo cha T na imeandikwa 30 mA, ilikuwa inaruka hovyo, mara nyingi ukiwasha pasi au jagi la kuchemshia maji, halafu siku nyingine inakaa tu vizuri mpaka unasahau. Tukabadilisha pasi, bado. Nikizima breka ndogo ya taa pia bado inaruka, kwa hiyo kila mtu akasema tatizo sio taa.

Huyu fundi wa pili kilichonifurahisha ni kwamba kabla hajashika ngazi aliuliza maswali, akasema breka ndogo inakata laivu peke yake, nyutro inabaki imeunganishwa. Kama panya amemenya nyutro na ethi zikagusana, umeme unaorudi kupitia nyutro sehemu yake inakimbilia ethi, na ukiwasha kitu kinachokula umeme mwingi kama pasi basi na huo unaopotea unaongezeka mpaka breka ya T inaruka. Pasi haina kosa. Yaani hela ya pasi mpya ilienda bure kwa ushauri wa watu.

Akazima meni swichi, akahakikisha kwa tesa kwamba hakuna umeme, tukachomoa kila kitu kwenye soketi na kutoa balbu zote za LED, maana Mega, kile kipimo cha kuona kama plastiki ya waya bado ni nzima, inapima kwa volti 500 na inaweza kuziua. Halafu kwenye boksi la breka akachomoa nyutro za kila laini, moja moja, akapima kila moja na ethi. Laini za soketi zilisoma zaidi ya megaomu 200, safi kabisa. Ya taa ikasoma 0.00, wakati kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1. Hapo tukajua laini, dari bado haijaguswa.

Sasa sehemu ninayotaka muisome vizuri. Nyutro ya taa inapita kutoka taa moja kwenda nyingine, kwa hiyo akaenda taa ya katikati, ya korido, akaachanisha nyutro pale na ethi pia, akapima pande mbili. Upande wa sebuleni na jikoni ukawa mzima, wa vyumbani ndio mbovu. Akaenda taa ya chumba cha watoto akaachanisha tena, kutoka hapo kwenda mbele ni safi, kwa hiyo ubovu uko kati ya korido na chumba cha watoto, kipande cha mita chache tu. Akaacha Mega imeunganishwa akagonga jipsamu taratibu kwa mpini wa fagio, namba ikaruka kutoka 0.00 mpaka 40 na kurudi, ndio maana kuna siku ilikuwa inatulia. Alisema angekuta waya zimeachana wakati huo asingeona kitu kwa kipimo, kwa hiyo kama yako inasoma safi mwambie fundi agongegonge au aje siku yenye unyevu.

Kisha akachomoa taa ya kuzama ya korido, kwenye tundu lake akaingiza kamera ya waya inayoonyesha kwenye simu. Tukaona kabisa, juu ya ubao, plastiki imeliwa urefu kama wa kidole, shaba inang'aa, mavi ya panya pembeni. Akakata jipsamu mraba wa kama sentimita 30 chini ya hapo tu.

Nisichokipenda: alitaka kuzungusha tepu aondoke. Nikakataa, tukakubaliana atoe kipande chote cha korido mpaka chumbani, avute waya mpya ndani ya paipu, halafu apime tena mbele yangu. Ikasoma juu ya 200. Pia hakukagua waya za laini nyingine kwa kamera mpaka nilipomwomba, na kweli tukakuta alama za meno kwenye waya wa soketi ya jikoni, bado hazijafika kwenye shaba, nao ukaingizwa kwenye paipu.

Malipo laki moja na nusu pamoja na vifaa, jipsamu nikaziba mwenyewe. Tundu walilopitia panya lilikuwa chini ya bati kwenye kona, tumeziba kwa wavu wa chuma na saruji, sumu hatukuweka kwa sababu panya akifia juu ya dari harufu hamtaivumilia. Ukimpigia fundi muulize kwanza kama ana Mega, multimita ya kawaida inapima kwa volti ndogo sana, itaona waya zilizogusana kabisa lakini plastiki iliyoanza tu kuharibika mara nyingi haiioni.