Chaja ya wati 65 inayogeuka kuwa ya wati 15

Kwenye boksi wameandika 65W kwa herufi kubwa kama kidole gumba. Maelezo yenyewe yako ubavuni mwa chaja, maandishi ya kijivu juu ya plastiki nyeusi. Mpaka uwashe tochi ya simu na kuimulika kwa pembeni ndipo uyaone.

Chaja ina matundu mawili ya USB, C na A. Laptopu ikiwa peke yake kwenye C inachaji vizuri sana, hapo siwezi kuisema vibaya. Chomeka na simu kwenye A: laptopu inaacha kuchaji papo hapo. Muuzaji nilipompelekea hakuigusa hata kidogo. "Wati ni wati, laptopu yako ndiyo mbovu." Lebo ya bidhaa anayoiuza mwenyewe inamkana, na kuisoma ni kazi ya dakika moja.

Mstari wa INPUT uruke. Ule 100-240V~ ni umeme unaoingia kutoka ukutani, na ampea zilizoandikwa hapo si zile zinazofika kwenye kifaa chako. Nenda OUTPUT. V ni volti, yaani msukumo wa umeme. A hapa si tundu, ni ampea, kiwango cha juu cha mkondo ambacho chaja inaweza kutoa kwa msukumo huo. Zidisha hizo mbili, unapata wati.

Tundu C likiwa peke yake limeandikwa 20V⎓3.25A. Ishirini mara 3.25 ni 65, kwa hiyo boksi halikudanganya. Sasa shuka mpaka mstari wa mwisho kabisa, ule mdogo kuliko yote: C+A: 5V⎓3A. Tano mara tatu ni 15! Vifaa vikiwa viwili, matundu yote yanashushwa hadi volti 5 na kugawana hizo wati 15. Ndani mna sehemu moja tu ya kupanga volti, nayo inalisha matundu yote mawili, kwa hiyo haiwezi kutoa 20 huku na 5 kule kwa wakati mmoja.

Laptopu yangu imeandikwa 20V kwa chini, na volti 5 inazikataa kabisa. Si mbovu. Ampea za chaja zikizidi hazina neno, kifaa huvuta kinachohitaji tu. Volti ndizo lazima zikubaliane.

Nilitaka kuipa nyota moja. Kwa mwenye kifaa kimoja inastahili nne, maana wati 65 inazitoa kweli na haipati moto wa kutisha. Lakini kuuza matundu mawili na kuficha mstari wa C+A? Hapana, mbili zinatosha. Ukitaka ya matundu mawili, tafuta iliyoandikwa C+A: 45W+18W au inayokaribia hapo, na umwambie muuzaji akuoneshe lebo kabla hujatoa hela.