Leza ya kuacha sigara: nililipa dola 350, siku ya 19 nikawasha tena

Januari mwaka jana nilikwenda kwenye kliniki moja ya leza hapa Toronto ili niache sigara. Nilikuwa na miaka 14 ya kuvuta, pakiti moja kwa siku, na sigara ya kwanza nilikuwa naiwasha kabla sijanawa uso. Rafiki yangu wa Mombasa alikuwa ameacha kwa njia hiyohiyo. Nilimwamini kwa sababu nilimwona kwa macho yangu: mtu wa pakiti mbili, sasa hata kiberiti hana. Bei ilikuwa dola 350 kwa siku moja, na bango la ukutani lilisema wateja asilimia 85 wanafanikiwa.

Unakalishwa kwenye kiti kama cha kinyozi. Mhudumu alishika kitu mfano wa kalamu nene chenye taa nyekundu kwenye ncha, akakigusisha sikioni, nukta moja baada ya nyingine, kisha pembeni mwa pua, viganjani na kwenye vifundo vya mikono. Hakiumi wala hakina joto, maana ni leza hafifu. Nukta zenyewe ni zile za tiba ya sindano za Kichina, ila mahali pa sindano panawekwa mwanga. Baada ya dakika 40 hivi tulikuwa tumemaliza. Aliniambia mwanga ule unauamsha mwili utoe vituliza maumivu vyake wenyewe, na kwamba unasafisha nikotini.

Nilitoka pale mwepesi kabisa. Siku tatu za kwanza nilitetemeka na kukasirika ovyo, lakini nilijiambia ni sumu inatoka. Wiki mbili zikapita. Siku ya 19, saa nane usiku, kwenye mapumziko ya zamu ghalani, mwenzangu alininyooshea sigara na mkono wangu ukaipokea. Kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimerudi kwenye pakiti yangu. Niliona aibu hata kumwambia mke wangu, kwa sababu kwa wenzangu asilimia 85 imefanya kazi, kwa hiyo kasoro lazima iwe yangu.

Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kusoma, na ndipo nikakutana na jaribio la Singapuri lililochapishwa mwaka 2000. Waliwachukua vijana wavutaji 330, wakawagawa kwa bahati nasibu makundi mawili yanayolingana. Kundi moja lilipata leza ya kweli. La pili lilipata tiba ya kuigiza, na vijana wenyewe hawakujua wako upande gani. Tiba ilipokwisha, walioacha kabisa kwenye leza ya kweli walikuwa asilimia 21.9, na kwenye ile ya kuigiza asilimia 21.4. Baada ya miezi mitatu ikawa 24.8 kwa 26.2, yaani walioigiziwa walikuwa mbele kidogo.

Zitazame namba hizo polepole. Karibu robo ya vijana wale waliacha kweli. Ungemhoji yeyote kati yao angekuapia kwamba leza imemponya, pamoja na wale ambao hawakupata leza. Nilimwelewa rafiki yangu hapo. Ameacha, na nampongeza kwa dhati, lakini aliacha kwa sababu alikuwa ameamua, amelipa, ametangaza kwa jamaa na ametupa viberiti. Kuna jaribio jingine la leza lililotoa matokeo mazuri, siwafichi. Ila majaribio machache yanayopingana hayatoshi kumwandikia mtu asilimia 85 ukutani.

Basi hiyo 85 inatoka wapi? Chukua mfano wa wateja 100. Kliniki inawapigia simu baada ya mwezi mmoja, wanapokea 40, na 34 kati yao wanasema hawavuti. Ukigawa 34 kwa 40 unapata asilimia 85. Wale 60 wasiopokea wameachwa nje ya hesabu, na mimi ningekuwa mmoja wao, maana mtu aliyerudia hataki kuulizwa. Kwenye majaribio yanayoheshimika, asiyepatikana anahesabiwa kuwa bado anavuta, watu hufuatiliwa angalau miezi sita, na anayesema ameacha hupulizia kifaa cha kupima kaboni monoksidi kwenye pumzi. Mfano huohuo ungetoa 34 kwa 100, tena baada ya mwezi tu na kwa neno la mdomo.

Na hili la kusafisha nikotini limeniuma zaidi, kwa sababu ndilo lililonifanya nifungue pochi. Nikotini hupungua nusu mwilini kila baada ya saa mbili hivi. Siku mbili tatu bila sigara, imekwisha yenyewe, bila taa ya mtu. Kinachobaki ni ubongo uliozoea kuipata, na huo ndio ulioipokea ile sigara saa nane usiku.

Tiba ya sindano zenyewe na hipnosisi, ile ya kumtuliza mtu kama anayesinzia na kumpa maelekezo, zina tafiti nyingi kuliko leza. Shirika la Cochrane, linalokusanya na kupima tafiti za tiba, lilikusanya majaribio 38 ya sindano na jamaa zake mwaka 2014. Sindano zilionyesha faida kidogo wiki za mwanzo, lakini ukifika miezi sita hapakuwa na tofauti ya kuaminika na sindano za kuigiza. Kuhusu hipnosisi, mapitio yao ya 2019 yalikuta majaribio 14, na ikilinganishwa na ushauri wa kawaida wa muda uleule haikuonyesha kuwa bora. Mtu anayependa kulala kitini na kusikilizwa sina ugomvi naye, mradi asiambiwe ni dawa.

Machi nilikwenda kituo cha afya na kuingia kwenye mpango wa STOP wa hospitali ya CAMH, ambao huwapa wakazi wa Ontario bidhaa za nikotini bure. Nesi alinipulizisha kile kifaa, kikasoma 24. Chini ya 10 ndiyo huchukuliwa kuwa mtu havuti, ingawa kaboni monoksidi hutoka upesi, hivyo kinashika sigara za jana na leo tu. Akanipa plasta ya miligramu 21 ya kubandika kila asubuhi, na bigijii ya nikotini ya miligramu 4 kwa ile hamu ya ghafla, kwa kuwa mtu anayewasha ndani ya nusu saa baada ya kuamka anahitaji ile kali.

Bigijii nusura niitupe. Nilikuwa naitafuna kama ya watoto, nikapata kwikwi na kiungulia. Nesi akanionyesha: itafune taratibu mpaka uhisi mwasho, kisha ipachike kati ya shavu na fizi, uiache hapo. Nikotini inapita kwenye ngozi ya mdomo. Ukiimeza inakuchoma tumbo na hamu iko palepale. Plasta nilizishusha hadi 14, kisha 7. Wala hizi si muujiza. Mapitio ya Cochrane ya 2018 yanasema zinaongeza nafasi ya kuacha kwa asilimia 50 hadi 60, yaani pale ambapo wangeacha watu 10, wataacha 15 au 16. Wengi bado watarudia na kuanza upya. Lakini faida hiyo imeonekana kwa watu zaidi ya 60,000.

Julai kifaa kilisoma 2. Wiki hiyohiyo kliniki ya leza ilinipigia kunikaribisha kwa awamu ya pili ya bure. Nikamuuliza dada aliyepiga: katika wateja wenu wa Januari, wangapi hawajavuta mpaka leo, na mmewapima pumzi? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Samahani kaka, hesabu hiyo hatuna."