Ripoti ya Mei yenye siku moja: uzoefu wangu na programu ya duka

Nilianza kwa nyota moja, nikafuta, nikaweka mbili, na hadi nafika mwisho wa maandishi haya huenda nikawa nimebadilisha tena. Kwenye kuuza programu hii sina ugomvi nayo. Kijana wa kaunta anapiga mauzo kwa simu, stoo inapungua, deni linaandikwa. Hasira yangu yote iko kwenye kitufe kimoja, kile cha kupakua ripoti ili uifungue kwenye kompyuta.

Duka letu la hapa Kirumba, Mwanza, jirani na Mwaloni, linauza nyavu, kamba, betri na taa za dagaa. Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala, na duka nalo linalala. Kwa hiyo jumla ya mwezi hainisaidii chochote. Ninachotaka ni tarehe: giza liliingia lini, betri zilianza kutoka lini, mzigo mwingine uagizwe lini. Ripoti iliyovuruga tarehe kwangu ni karatasi ya kufungia maandazi.

Sasa chukua Mei 2025, ambapo mwezi ulijaa tarehe 12, maana yake biashara nzito ilikuwa baada ya tarehe 20. Kwenye simu programu inaonyesha mauzo ya Mei ni shilingi 18,640,000. Nikapakua faili la CSV, nikalituma kwenye kompyuta, nikalibonyeza mara mbili likafunguka ndani ya Excel. Safu zimekaa sawa, fedha zimeandikwa namba tupu bila "TSh" wala alama ya mkato (hapo niwasifu, wengi huharibu hapo). Tarehe ziko safu A, fedha safu D. Nikaandika:

```
=SUMIFS(D:D,A:A,">="&DATE(2025,5,1),A:A,"<"&DATE(2025,6,1))
```

Jibu: 412,000. Mwezi mzima!

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Yule kijana hakuuliza hata faili linaonekanaje. "Bosi, hapo kompyuta yako itakuwa na virusi. Wateja wetu wengine hawajalalamika." Kisha akaniambia nizime niwashe. Virusi gani hao wanaokula mauzo ya siku thelathini na kubakiza ya tarehe 5 peke yake? Maana hiyo 412,000 ilikuwa mauzo ya tarehe 5 Mei, shilingi kwa shilingi. Hilo ndilo lililonifungua macho.

Ukweli ni huu. Programu inaandika tarehe kwa mtindo wetu, siku kwanza kisha mwezi: 01/05/2025. Kompyuta nyingi zinazouzwa mjini zinakuja na mpangilio wa Marekani, ambao unasoma mwezi kwanza. Faili la CSV ni maandishi matupu, halimwambii Excel ipi ni siku na ipi ni mwezi, hivyo Excel inakisia kwa kufuata mpangilio wa kompyuta. Tarehe 1 Mei ikawa Januari 5. Tarehe 2 Mei ikawa Februari 5, na kuendelea hivyo hadi tarehe 12, iliyogeuka kuwa Desemba 5. Tarehe 5 mwezi wa 5 ukiigeuza inabaki ileile, ndiyo maana ilipona. Kila mwezi una siku moja tu ya aina hiyo.

Kuanzia tarehe 13 ni kibaya zaidi, kwa sababu hakuna mwezi wa 13. Excel ikishindwa inaacha maandishi kama yalivyo, na fomula haiyahesabu kama tarehe. Kwa hiyo shilingi 4,906,000 za mwanzo wa mwezi zilitawanyika kwenye miezi mingine, na 13,322,000 za kuanzia tarehe 13, giza lote la biashara likiwa humo, hazikuhesabiwa popote. Na hakuna onyo hata moja linalotokea.

Namna ya kujua kama faili lako limeugua: tazama safu ya tarehe kabla hujaigusa. Tarehe za kweli zinakaa upande wa kulia wa kisanduku, maandishi yanakaa kushoto. Ukiona nyingine kulia nyingine kushoto, simama hapo. Kupata uhakika, chagua kisanduku cha tarehe 1 Mei, kibadilishe kiwe General. Ikitoka 45778 ni sahihi, maana Excel huhifadhi tarehe kama hesabu ya siku kuanzia mwaka 1900. Ikitoka 45662, hiyo ni Januari 5. Kisipobadilika kabisa, ni maandishi.

Dawa yake: usilibonyeze faili mara mbili. Fungua Excel tupu, nenda Data, kisha From Text/CSV, chagua faili, halafu bonyeza Transform Data, si Load. Upande wa kulia utaona hatua iitwayo Changed Type. Ifute, kwa sababu hapo ndipo Excel imeshakisia. Sasa safu zote ni maandishi. Bonyeza kulia kichwa cha safu ya tarehe, chagua Change Type, kisha Using Locale, weka Date na English (United Kingdom). Safu ya fedha igeuze iwe namba. Nyingine ziache hivyohivyo: namba za simu za wadaiwa zitabaki na sifuri ya mbele, na bakodi haitageuka kuwa 6.2E+12. Maliza kwa Close & Load. Mwenye Excel ya 2010 au 2013 atumie Data, From Text; kwenye hatua ya tatu achague Date: DMY.

Unaweza pia kubadilisha Region ya Windows iwe ya Uingereza, lakini fanya hivyo kabla ya kufungua faili. Ulilokwisha kulifungua na kulihifadhi huenda limeshaharibika. Rudi kwenye simu upakue upya. Nami nililihifadhi juu ya lilelile, mara mbili.

Fomula ileile baada ya hapo ikatoa 18,640,000.

Basi haki itendeke: yule kijana alisema tatizo liko kwenye kompyuta, na nusu ya neno lake ilikuwa kweli. Nikaongeza nyota. Lakini mtu aliyeweza kuandika programu nzima ya duka anashindwaje kuandika 2025-05-01 badala ya 01/05/2025? Mtindo huo wa mwaka kwanza Excel inausoma vizuri kwa mpangilio wa Marekani na wa Uingereza vilevile, na mimi nisingejua hata neno Using Locale.

Halafu nikagundua kitufe cha kupakua XLSX, yaani faili la Excel lenyewe, kipo. Kwenye XLSX tarehe inaweza kuhifadhiwa ile 45778 yenyewe, bila kukisia. Nikajaribu mwezi mmoja wa majaribio, ikafunguka safi kwa kubonyeza mara mbili, nikaweka nyota nne kwa furaha. Muda wa majaribio ukaisha, kitufe kikawa cha kijivu, na ujumbe unasema kipo kwenye kifurushi cha juu tu. Kwa hiyo CSV yenye kasoro ni bure, na ile nzima ni ya kulipia.

Mbili. Ya pili ni kwa ajili ya zile fedha zisizo na "TSh".