Faili moja au mbili: chanzo kimoja kisipewe namba mbili

Mwenzangu wa hapa Bukavu aliniletea makala yake juu ya kipindupindu ikiwa katika faili mbili za Word: matini na nyongeza. Chanzo kilekile kilikuwa namba 7 kwenye matini na namba 1 kwenye nyongeza, maana Zotero, programu ya kupanga marejeo, huhesabu kila faili peke yake. Ukirekebisha kwa mkono, kila rejeo jipya linavuruga kazi yote.

Mimi nachagua faili moja hadi siku ya kutuma, nyongeza ikikaa mwishoni. Ila angalia majedwali. Zotero hufuata mahali kitu kilipo, wakati mtindo wa Vancouver unataka vyanzo vya jedwali vipate namba kuanzia pale jedwali linapotajwa mara ya kwanza. Jedwali la 1 la mwenzangu linatajwa baada ya rejeo la 12, lakini kwa kuwa lilikuwa mwisho wa matini, vyanzo vyake viwili vilipata 30 na 31. Tukalihamishia chini ya aya inayolitaja: vikawa 13 na 14, vingine vikasogea. Maelezo ya picha nayo vilevile. Chanzo kipya cha nyongeza kikaanza na 32.

Siku ya kutuma, hifadhi nakala, kisha bonyeza `Unlink Citations` ndipo utenganishe faili na kurudisha majedwali mwishoni. Baada ya hapo namba hazibadiliki tena. Jarida likitaka nyongeza iwe na orodha yake inayoanza na 1, hapo faili mbili ndizo sahihi.