Ukipima posti, ugawanye laiki, komenti na shea kwa wafuasi au kwa mara za kutazamwa?

Tuseme unauza pweza na kamba Bagamoyo, na ukurasa wako una wafuasi 2,000. Video ya ngalawa zikirudi alfajiri imetazamwa mara 20,000, ikapata laiki, komenti na shea 600 kwa jumla. Ile ya mnada wa samaki imetazamwa mara 1,500 tu, ikapata 120.

Ukigawanya kwa wafuasi, ngalawa zina asilimia 30 na mnada 6. Ukigawanya kwa mara za kutazamwa, ngalawa zinashuka hadi 3, mnada unapanda hadi 8. Wafuasi ni walewale 2,000 kwa video zote mbili, kwa hiyo kugawanya kwao hakubadilishi mpangilio. Ni sawa na kuhesabu laiki zenyewe. Video ya ngalawa ilisambazwa kwa watu wasiokufuata: laiki zao zimeingia juu ya mstari wa kugawanya, wao wenyewe hawamo chini yake.

Kulinganisha posti na posti, mimi nagawanya kwa kutazamwa. Ila iliyotazamwa mara 40 iache kwanza, maana laiki mbili tu zinaipandisha asilimia 5. Wafuasi nawatumia kulinganisha ukurasa na ukurasa, pale ambapo mara za kutazamwa za mwenzangu sizioni.