Dobi wa mashine aliyeniambia mashati yangu yamezeeka

Nyota moja, na hiyo moja ni ya pasi tu, pasi walipiga vizuri. Nilipeleka mashati meupe ya kazini na mataulo, yakarudi rangi ya majivu, kola zinakwaruza shingo na taulo limekakamaa kama ubao. Hayo ningemeza. Kilichonipandisha mori ni dada wa kaunta, hata macho hakuinua kwenye simu, eti "kaka, hizi nguo zimezeeka, nyeupe nayo ina mwisho wake". Imezeeka wapi, shati limetoka kwangu jeupe pe!

Mwenzenu nikachungulia nyuma yake. Bomba linaloingiza maji kwenye mashine limeota ukoko mweupe, ule ule unaoganda ndani ya birika. Hapo nikajua ni maji magumu, yana kalsiamu na magnesiamu kibao. Na kijana anayejaza mashine anachota sabuni kikombe kimoja, kila mzigo hicho hicho kimoja, hajali chochote. Nikamuuliza pakiti inasemaje, akasema "bosi anataka tubane sabuni". Haya.

Sasa ngoja niwaambie hiyo kubana inafanya nini. Kalsiamu ikikutana na sabuni inaishika, vinageuka utando unaonata usioyeyuka, na utando huo hauendi na maji machafu, unabaki kwenye nyuzi. Sabuni ya unga ya kisasa inavumilia zaidi kwa sababu imechanganywa na vitu vya kuikamata kalsiamu kwanza, ila navyo vina kiwango chake. Ukitia kidogo vinaisha mapema, sabuni iliyobaki inakosa nguvu ya kuushikilia uchafu ndani ya maji, basi uchafu uliotoka kwenye soksi unarudi kukaa kwenye shati. Ndiyo huo ujivujivu. Ukakamavu ni ule utando pamoja na chokaa iliyokaukia kwenye nyuzi. Kwa hiyo maji magumu yanataka sabuni nyingi, na pakiti nyingi zina jedwali kabisa, maji laini kiasi hiki, maji magumu kiasi hiki. Halisomwi!

Nilivyofika nyumbani nilitaka kuhakikisha kwanza, maana hata sabuni ikizidi na nguo isisuuzwe vizuri inakakamaa. Nikaloweka taulo moja kwenye maji ya moto matupu nikalivuruga. Lingekuwa na sabuni iliyobaki lingetoa povu. Halikutoa kitu, maji yakawa na ukungu tu. Basi ni madini.

Nikachukua asidi ya sitriki, vijiko viwili vikubwa kwenye lita tano za maji ya uvuguvugu, nikaloweka mashati kama saa moja hivi. Asidi inayeyusha chokaa na inauvunja ule utando, lakini ukilishika shati wakati huo linateleza kama limepakwa mafuta kidogo, na kweli ni mafuta, ni yale yaliyokuwa kwenye sabuni yameachiwa. Wengi wanaishia hapo wanasuuza wanaanika, halafu wanasema asidi haifanyi kazi. Suuza, kisha fua tena kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyoruhusu, sabuni kipimo kamili cha maji magumu, na ukiwa nacho weka kilainisha maji, kile cha fosfeti kinachoishika kalsiamu ibaki imeyeyuka. Magadi ya kufulia nayo yanalainisha, ila yanaigeuza kalsiamu kuwa chokaa ya unga, na usiposuuza vizuri inatua kwenye nguo ile ile. Na tafadhali asidi au siki isikutane na blichi ya klorini, inatoka gesi ya sumu. Halafu blichi yenyewe haiyaondoi hayo madini ya chokaa hata umwage chupa nzima.

Mashati yakarudi meupe, sio yote, moja limebaki na kivuli kwapani, hilo ni jasho na ni kesi nyingine.

Sasa nilipotulia nikafikiria kuwapa nyota mbili, maana mashine zao ni nzima, sabuni yenyewe nzuri, na kijana yule aliniambia ukweli. Nikawarudia niwaeleze kwa upole waongeze kipimo au wafunge kifaa cha kulainisha maji kwenye hilo bomba. Dada akanijibu "basi tutakuwekea kile cha kunukia kaka, bure". Cha kunukia! Kile kinapaka nguo juu, taulo linakuwa laini mkononi lakini halifyonzi maji, na kalsiamu iko pale pale chini. Nyota moja irudi mahali pake, na hiyo ya pasi nayo naifikiria.